YAH: Feni ya chumba cha kuchajia betri za foklifti

Kwa: Mkurugenzi wa Uendeshaji
Nakala: Meneja wa Ghala

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu feni ya kutoa hewa katika chumba cha kuchajia betri, iliyoharibika tarehe 3 Machi na hadi leo, 14 Aprili, haijatengenezwa. Meneja wangu anajua kwamba nakuandikia. Nilimwambia jana ana kwa ana.

Niliripoti kwake kwa maandishi siku ileile feni ilipoharibika. Hakupuuza. Kesho yake alileta fundi, ambaye alisema mota imeungua, na tarehe 10 Machi akapeleka ombi la kununua mpya. Pia aliagiza milango iachwe wazi wakati wa kuchaji. Nilipomkumbusha mwishoni mwa Machi, alinionyesha kwamba ombi bado linasubiri idhini iliyo juu ya mamlaka yake. Kwa nini limekwama, sijui, na simlaumu mtu.

Kinachonitia wasiwasi ni hewa yenyewe. Betri za risasi na asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 hewani, cheche moja yatosha kuilipua. Milango wazi husaidia mchana. Usiku tunaifunga kwa ajili ya ulinzi, na kuchaji kunaendelea.

Naomba ombi hilo liamuliwe wiki hii. Likihitaji muda zaidi, tuidhinishiwe kuchaji mchana tu, hata kama zamu ya usiku itabaki na foklifti chache. Nimeambatisha ripoti yangu na maelezo ya fundi.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa Zamu ya Usiku