Hotuba ya Mwenyekiti katika Ufunguzi wa Mwaka wa 20 wa Chama Chetu cha Ushirika wa Mazao, Newala, Oktoba 2025

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Ushirika wa Wilaya, viongozi wa Chama Kikuu, wazee wetu waasisi mlioketi hapa mbele, wanachama wenzangu: Asalamu alaikumu. Tumsifu Yesu Kristo. Ushirika hoyee!

Nimepewa muda mfupi nieleze tulikotoka. Nitaanza na hii mizani iliyoning'inizwa hapo mkoroshoni. Vijana waliniuliza asubuhi kwa nini tumeitoa stoo na kutu yake yote, wakati ghala lina mizani ya kisasa. Jibu ni kwamba chama hiki kilizaliwa kwa ajili yake.

Wenye umri wangu mnakumbuka kangomba. Miezi ya njaa, unga umekwisha ndani na maji ya kununua, mnunuzi anakuja mlangoni na bakuli lake. Anakupa fedha mikorosho ikiwa bado ina maua, na msimu ukifika anajaza bakuli hadi linafurika, kisha anakwambia hiyo ni kilo. Marehemu baba yangu aliuza hivyo miaka mitatu mfululizo. Shamba lilikuwa lake, korosho hazikuwa zake.

Mwaka 2006 watu 31 wa kijiji hiki walikutana chini ya mkorosho huu huu, wanaume 22 na wanawake 9. Wengi walikuja kwa shaka, na walikuwa na haki. Walishaona Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikifutwa kwa amri, wakaona ushirika ukirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kisha soko huria likaja na kila mtu akabaki na gunia lake. Mwalimu, ambaye alikuja kuwa mwenyekiti wetu wa kwanza, akawasomea sheria ya ushirika ya mwaka 2003 kifungu kwa kifungu, usiku, kwa taa ya chemli. Walipoanza kubishana juu ya kujenga ofisi, bibi yetu huyu mwenye kitenge cha kijani akasimama akasema: ofisi haipimi korosho, tununue mizani.

Wakachanga. Mizani ilipofika, kitu cha kwanza kupimwa kilikuwa bakuli la kangomba likiwa limejaa. Mshale ukapita kilo moja, ukaenda hadi kilo moja na nusu. Wazee wanasimulia kwamba hakuna aliyesema neno. Kila mmoja alikuwa akipiga hesabu ya miaka yake.

Oktoba mwaka huo tukapata cheti cha usajili kutoka kwa Mrajis. Msimu uliofuata, 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ukaanza kwenye korosho mkoani kwetu, nasi tulikuwa tayari: tuna mizani, tuna daftari. Tukajifunza malipo ya awali, malipo ya pili, na yale ya mwisho tunayoyaita majaliwa.

Sitaficha mwaka wetu wa tano. Magunia yalifika ghala kuu yakiwa na upungufu wa uzito, malipo yakachelewa, na watu walikuja hapa na mapanga wakidai chama kivunjwe. Mweka hazina wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, aliketi siku nne akisoma daftari mbele ya umma, jina kwa jina, kilo kwa kilo, mpaka pengo likaonekana lilipo. Tangu hapo daftari letu linasomwa hadharani kila mnada. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wakahakikiwa, daftari hilo ndilo lililotusemea.

Wanachama leo ni 412. Kati ya wale 31, waliotangulia mbele za haki ni 17. Naomba tusimame kidogo kwa ajili yao.

Asanteni, tukae. Waasisi 14 waliobaki, mtusamehe kwa kila mara tulipowaona wazee wa zamani wanaochelewesha mkutano kwa maswali. Maswali yenu ndiyo yaliyolinda fedha zetu. Mwaka huu mzima, kila mkutano mkuu utaanza kwa mmoja wenu kuuliza swali la kwanza kwa bodi, na mimi nitakuwa wa kwanza kujibu.

Mgeni rasmi, kwa ruhusa yako, hatutakata utepe. Gunia la kwanza la msimu limeshafika, limeanikwa vizuri, limechambuliwa. Bibi, karibu mizanini. Karani, fungua daftari ukurasa mpya, andika mwaka wa 20, na usome kilo kwa sauti ili na wa nyuma wasikie.