Barua kwa msomaji kuhusu picha zilizotengenezwa na akili bandia

Bukavu, tarehe 9 Septemba 2024

Bwana Mwalimu,

Nimepokea barua yako pamoja na picha tatu ulizotutumia kuhusu moto uliounguza nyumba za mtaani kwenu Nyamugo. Unauliza kwa nini habari yetu ilitoka bila picha yoyote, ilhali kijana wako aliweza kuzitengeneza hizo tatu kwa simu, kwa msaada wa akili bandia, bila kutoa hata faranga moja. Unasema pia kwamba msomaji wa siku hizi huruka habari isiyo na picha. Hapo umesema kweli, na wauzaji wetu wa Ibanda na Kadutu hutulalamikia jambo hilo hilo. Hata hivyo hatutazichapisha picha hizo, wala nyingine za namna hiyo, na kwa kuwa wewe ni msomaji wetu wa zamani unastahili kupewa sababu.

Nimezitazama kwa makini. Katika ile unayoiona kuwa nzuri kuliko zote, moto unawaka juu ya nyumba za matofali zenye vigae, kandokando ya barabara pana iliyonyooka, na gari la zimamoto limesimama mbele yake. Wewe unayeishi huko unajua kwamba nyumba zilizoungua zilikuwa za mbao na mabati, zimebanana mlimani, na kwamba gari haliwezi kupita katikati yake. Ndiyo maana moto huruka kutoka nyumba hadi nyumba kabla msaada haujafika, na ndiyo habari yenyewe tuliyoiandika. Picha ya kijana wako imelifuta tatizo la Nyamugo na kuweka mahali pake mtaa wa nchi nyingine.

Utanijibu kwamba anaweza kuiagiza programu iweke mbao, mabati na mteremko, nayo ikatii. Naam, itatii, na picha itafanana sana na kwenu. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Programu hizo zimefunzwa kwa mamilioni ya picha zilizopigwa mahali pengi, kisha huunda picha mpya kwa kufuata maneno ya anayeziagiza. Zinaweza kutuonyesha jinsi moto unavyoonekana kwa kawaida. Haziwezi kutuonyesha moto wa usiku ule, kwa sababu hazikuwapo. Mpiga picha, hata awe na simu iliyopasuka kioo, alisimama mahali fulani saa fulani, na tunaweza kumwuliza alikuwa upande gani, nani alikuwa karibu naye, na kwa nini mtu fulani haonekani. Picha isiyo na mtu wa kuulizwa ni sawa na shahidi anayelishwa maneno ya ushahidi na huku hakufika kwenye tukio.

Unapendekeza tuandike chini yake kwamba imetengenezwa na akili bandia. Pendekezo hilo ni la mtu mwaminifu, lakini linadhani gazeti linasomwa kama lilivyochapishwa. Unajua jinsi kurasa zetu zinavyosafiri: mtu hupiga ukurasa kwa simu, hukata sehemu aipendayo, huituma kwenye kundi la WhatsApp la familia au la kanisa, na maneno madogo ya chini hubaki nyuma. Mwezi Machi 2023, picha ya Papa Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe la baridi ilienea duniani kote, na watu wengi sana waliiamini ingawa ilikuwa imeundwa na programu. Wiki chache kabla ya hapo sisi Wakongomani tulikuwa tumemwona mwenyewe Kinshasa. Ile ilikuwa ya kuchekesha, haikumdhuru mtu. Lakini tarehe 22 Mei mwaka huo huo, picha ya uongo ya mlipuko karibu na makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani ilitikisa soko la hisa kwa dakika kadhaa kabla haijakanushwa.

Huku kwetu kinachotikisika si hisa. Kumbuka Kalehe, mwezi Mei 2023, mvua ilipoporomosha udongo juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua zaidi ya watu 400. Ndugu walitafuta wapendwa wao hata katika picha, wakichunguza nguo, viatu, pembe ya uso. Mama aliyechorwa na programu katika picha yako ya pili, mwenye kitenge cha njano na mtoto mgongoni, hayupo duniani; lakini nikimchapisha, yupo atakayedhani ni dada yake. Na kama programu ingeongeza kijana mwenye kiberiti mkononi, Bwana Mwalimu, unajua mtaa wenye hasira unavyomtendea mtu anayefanana na mwizi.

Kuna sababu nyingine, ambayo kwangu ni nzito kuliko hizo zote. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu aitwaye Nsala, ameketi barazani, akiutazama mkono na mguu uliokatwa wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya utomvu wa mpira. Picha hiyo na nyingine kama hiyo zilionyeshwa katika mikutano mingi Ulaya na Marekani, na zilichangia kumlazimisha Mfalme Leopold wa Pili kuiachia serikali ya Ubelgiji, mwaka 1908, nchi aliyokuwa akiitawala kama mali yake binafsi. Watetezi wa mfalme walifanya kila njia kuyakanusha mashtaka. Hebu fikiri kama katikati ya picha hizo ingekutwa moja tu ya kubuni, hata iwe imebuniwa kwa huruma. Wangeishika hiyo, na Nsala naye angeitwa mwongo. Nchi hii bado ina watu wanaongoja kusikilizwa, na wakuu ambao wangefurahi sana kusema, kila picha chungu inapotoka, kwamba magazeti siku hizi yanajitengenezea.

Tamko la Munich la mwaka 1971, ambalo waandishi wengi wa lugha ya Kifaransa hulifuata, linatutaka tuchapishe tu habari ambazo asili yake tunaijua. Mkataba wa Paris wa Novemba 2023 kuhusu akili bandia na uandishi wa habari unavitaka vyombo vya habari vijiepushe na picha za kuundwa zinazoiga zile zilizopigwa kweli. Gazeti letu ni dogo, lakini kanuni hizo hazikuandikiwa magazeti makubwa peke yake.

Usidhani tunachukia kila kitu kilichochorwa. Mchoraji wetu wa katuni humpa gavana kichwa kikubwa kuliko meza yake, na hadi leo hakuna msomaji aliyetuandikia kuulizia afya ya kichwa hicho. Mchoro unaojionyesha kuwa mchoro tutaendelea kuuchapisha, na ramani vilevile. Tukikosa picha ya tukio tutatumia ya mahali palivyokuwa kesho yake, tukitaja tarehe, au tutaacha maneno yasimame peke yake.

Mwishoni mwa barua umetaja kwamba jirani yako alipiga picha mbili usiku ule, zenye giza na zilizotikisika. Hizo ndizo ninazozihitaji. Mwombe azitume kwa WhatsApp kama hati, asizitume kama picha za kawaida, kwa sababu WhatsApp huzipunguza na kuondoa taarifa za saa na mahali zilizohifadhiwa ndani. Atuambie alikuwa amesimama wapi, na kama jina lake litajwe au lisitajwe. Ikiwa nyuso za watoto zinaonekana, tutazungumza kwanza na wazazi wao. Tutazilipia kwa kiwango kile kile tunachowalipa wapiga picha wetu, na zikifika kabla ya Alhamisi jioni zitaingia toleo lijalo, pamoja na habari ya familia zinazoendelea kulala kwa majirani.

Kwa heshima,

Mhariri Mkuu