Ombi la Kusimikwa Visual Studio Code 1.70.3 na Viendelezi vyake kwa Ajili ya Somo la Utangulizi wa Programu

Idara ya Sayansi ya Kompyuta,
Dodoma.
7 Oktoba 2024

Msimamizi wa Maabara ya Kompyuta,
Maabara Na. 2,
Dodoma.

Ndugu Msimamizi,

YAH: OMBI LA KUSIMIKWA TOLEO MOJA LA KIHARIRI KWENYE KOMPYUTA ZOTE 36

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Ninaomba kompyuta zote 36 za Maabara Na. 2 zisimikwe Visual Studio Code toleo la 1.70.3, Python toleo la 3.8.10 na viendelezi vitatu nitakavyovitaja, kabla ya Jumatatu tarehe 4 Novemba 2024, siku ambayo wanafunzi 72 wa mwaka wa kwanza wataanza vipindi vya vitendo kwa makundi mawili.

Natambua kwamba toleo ninaloliomba ni la zamani, na kwamba ungeweza kuniuliza kwa haki kwa nini nisichukue la sasa. Sababu iko ndani ya maabara yenyewe. Kompyuta 22 zinatumia Windows 10, lakini 14 za safu mbili za nyuma bado zinatumia Windows 7, na kuanzia toleo la 1.71 kihariri hiki hakifanyi kazi tena kwenye Windows 7, 1.70.3 ndilo la mwisho linalokubali. Python nayo iliacha kuihudumia Windows 7 ilipofika toleo la 3.9, na katika mfululizo wa 3.8 toleo la mwisho lililotolewa pamoja na faili ya kusimika ya Windows ni 3.8.10. Kwa hiyo matoleo haya mawili ndiyo mapya zaidi ninayoweza kufundishia chumba kizima kwa maelekezo yaleyale.

Ningeweza kuomba toleo jipya kwa zile 22 na la zamani kwa zile 14, lakini naomba tusifanye hivyo. Muhula uliopita nilifundisha katika hali hiyo na nilipoteza karibu nusu ya kila kipindi. Nilikuwa nikionyesha kitufe kwenye ukuta, nusu ya darasa inakiona na nusu nyingine haikioni, na mwanafunzi aliyeshika kompyuta kwa mara ya kwanza alipofika hapa kutoka Kondoa au Mpwapwa anadhani amekosea yeye. Huyo hunyamaza, wala hanyooshi mkono, na wiki ya tatu haji tena. Wengi wao hawana kompyuta huko wanakopanga, iwe Nkuhungu au Chang'ombe, kwa hiyo saa mbili za maabara ndizo zote walizo nazo kwa wiki.

Kuhusu Python, kompyuta za Windows 7 zinahitaji ziwe na Service Pack 1 pamoja na rekebisho KB2533623, la sivyo usimikaji utakataa. Naomba isimikwe kwa watumiaji wote kwa amri hii, ikiendeshwa kwa akaunti ya msimamizi:

```
python-3.8.10-amd64.exe /quiet InstallAllUsers=1 PrependPath=1
```

Kwa upande wa kihariri, naomba itumike faili ya kusimika ya mfumo mzima, ile inayoweka programu ndani ya `Program Files`, na si ile ya mtumiaji mmoja. Viendelezi, hata hivyo, vina tabia tofauti, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu wako zaidi kuliko popote. Hata kihariri kikisimikwa kwa mfumo mzima, viendelezi huhifadhiwa ndani ya folda ya akaunti iliyovisimika, yaani `%USERPROFILE%\.vscode\extensions`. Vikisimikwa ukiwa umeingia kwa akaunti ya msimamizi, mwanafunzi akifungua kihariri kwa akaunti ya `mwanafunzi` hataona hata kimoja. Naomba basi hatua hii ifanyike baada ya kuingia kwa akaunti hiyo ya `mwanafunzi`:

```
code --install-extension ms-python.python
code --install-extension ms-python.vscode-pylance
code --install-extension oderwat.indent-rainbow
code --list-extensions --show-versions
```

Kiendelezi cha kwanza ndicho kinachoendesha na kukagua programu za Python, cha pili kinaonyesha makosa wakati mwanafunzi bado anaandika, na cha tatu kinapaka rangi nafasi za mwanzo wa mistari. Hicho cha tatu kinaweza kuonekana kama pambo, lakini katika Python nafasi hizo ni sehemu ya sarufi, na nafasi moja iliyozidi huizuia programu nzima. Mwanafunzi akiiona kwa rangi huitambua mwenyewe bila kunisubiri nizunguke meza zote. Sijataja namba za matoleo ya viendelezi kwa sababu kihariri chenyewe huchagua toleo la karibuni linalokubaliana nacho. Ili zote zilingane, napendekeza amri hizi ziendeshwe kwenye kompyuta moja tu, kisha folda ya viendelezi inakiliwe kwa flashi kwenye zile 35 zilizobaki. Tutaokoa bando pia.

Baada ya hapo naomba mipangilio ifuatayo iwekwe katika `%APPDATA%\Code\User\settings.json` ya akaunti hiyohiyo, ili kompyuta za Windows 10 zisijisasishe zenyewe na kuziacha za Windows 7 nyuma:

```
{
  "update.mode": "none",
  "extensions.autoUpdate": false,
  "python.defaultInterpreterPath": "C:\\Program Files\\Python38\\python.exe"
}
```

Kwa kuwa maabara inatumia programu inayorudisha kila kompyuta katika hali yake ya awali inapowashwa upya, kazi yote hii itafutika isipofanywa wakati ulinzi huo umezimwa. Naomba pia sehemu ya `D:` iachwe nje ya ulinzi, kwani humo ndimo wanafunzi watakamohifadhi kazi zao, na umeme ukikatika katikati ya kipindi, kama inavyotokea, wasipoteze walichokwisha kuhifadhi.

Sifichi kwamba toleo hili halipati tena marekebisho ya usalama, na Windows 7 yenyewe iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Januari 2020. Zoezi hata moja la somo langu halihitaji mtandao, hivyo sina pingamizi ukizitenga kompyuta hizo 14 na intaneti muhula mzima. Siku zitakapobadilishwa nitaliacha toleo hili kwa furaha.

Nimejaribu mpangilio huu wote kwenye kompyuta mbili za ofisini, moja ya Windows 7 na moja ya Windows 10, na programu ya majaribio imetoa matokeo yaleyale. Faili za kusimika ninazo kwenye flashi. Niko tayari kuja na wasaidizi wawili wa somo Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2024, kuanzia saa 3:00 asubuhi, tufanye kazi hii chini ya usimamizi wako, kisha tukague kila kompyuta kwa `code --version` na `python --version` na kuandika majibu kwenye daftari la maabara. Iwapo siku hiyo haikufai, naomba unijulishe ifikapo Ijumaa tarehe 18 Oktoba, ili nipange siku nyingine kabla vipindi havijaanza.

Nashukuru kwa ushirikiano wako wa siku zote.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri Msaidizi,
Somo la Utangulizi wa Programu

Nakala: Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta