WARAKA WA NDANI: Nyongeza ya Asilimia 8 Inahusu Mshahara wa Msingi, Haihusu Posho

Kwa: Wafanyakazi wote wa mikataba ya kudumu na ya muda maalumu
Kutoka: Meneja wa Rasilimali Watu
Nakala: Mhasibu Mkuu, Wakuu wa Idara, Wawakilishi wa Wafanyakazi
Tarehe: 4 Agosti 2025
Yah: Namna nyongeza ya mshahara ya tarehe 1 Julai inavyokokotolewa

Ndugu wafanyakazi,

Tangu hati za mshahara wa Julai zilipotoka, nimepokea maswali mengi, ya maandishi na ya ana kwa ana, na karibu yote yanauliza jambo moja: kama nyongeza ni asilimia 8, kwa nini jumla ya mapato haikupanda kwa asilimia 8? Jibu fupi ni kwamba asilimia hiyo imekokotolewa kwenye mshahara wa msingi peke yake, na posho zimebaki katika viwango vyake vya zamani. Uamuzi huo ulikuwa hivyo tangu mwanzo, lakini katika kikao cha wafanyakazi cha mwezi Juni mimi mwenyewe nilitamka kwamba "mishahara itapanda kwa asilimia 8" bila kuongeza neno "msingi". Wapo waliopanga bajeti za nyumbani kwa kutegemea kauli ile. Kosa hilo ni langu, na ninaomba radhi.

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliingia ofisini kwangu na hati yake ikiwa imekunjwa mara nne. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu: 1,100,000 × 0.08 = 88,000. Chini yake alikuwa ameuzungushia duara mstari unaoonyesha nyongeza ya 64,000, na akaweka alama ya kuuliza. Hesabu yake haikuwa na kosa lolote, isipokuwa aliianzia kwenye mstari wa jumla ya mapato, wakati ilipaswa kuanzia kwenye mstari wa kwanza. Kwa ridhaa yake nautumia mfano huo hapa, kwa sababu unafanana na wa wengi wetu.

Kabla ya Julai, mshahara wake wa msingi ulikuwa 800,000. Juu yake alilipwa posho ya nyumba 150,000, posho ya usafiri 90,000 na posho ya chakula 60,000, hivyo posho zake zilifikia 300,000 na jumla ya mapato kabla ya makato ikawa 1,100,000. Asilimia 8 ya 800,000 ni 64,000. Mshahara wake mpya wa msingi ni 864,000, posho zimebaki 300,000, na jumla mpya ni 1,164,000. Ukilinganisha jumla hiyo na ile ya zamani, ongezeko ni kama asilimia 5.8. Tofauti kati ya 8 na 5.8 haimaanishi kwamba kuna fedha iliyokatwa au kwamba posho yoyote imepunguzwa. Inatokana na kugawa ongezeko lilelile kwa jumla iliyo kubwa zaidi.

Kadiri posho zinavyochukua sehemu kubwa ya mapato ya mtu, ndivyo pengo hilo linavyopanuka, na hapa ndipo naona malalamiko ya wenzetu wa vituo vya nje yana uzito. Mfanyakazi wa kituo cha nje mwenye mshahara wa msingi wa 600,000 na posho za 500,000, ikiwemo ya mazingira magumu, naye alikuwa na jumla ya 1,100,000. Nyongeza yake ni 48,000, na jumla yake imefika 1,148,000, yaani ongezeko la takribani asilimia 4.4. Watu wawili waliokuwa wakipokea jumla ileile mwezi Juni, mwezi Julai wametofautiana kwa 16,000. Sitaki kulificha hilo wala kulipamba. Limetokana na jinsi mapato yetu yalivyogawanywa tangu mikataba iliposainiwa.

Sababu ya kutenganisha mshahara na posho iko katika asili ya malipo yenyewe. Mshahara wa msingi ni malipo ya kazi: cheo, ujuzi na uzoefu wa mtu, na mfanyakazi hubaki nao akihamishwa kituo au akiwa likizo. Posho hufidia gharama au hali fulani, kama vile nauli, kodi ya nyumba au kuishi mbali na huduma, na kiwango chake hupangwa kwa kuangalia gharama hiyo badala ya kuangalia utendaji wa mtu. Gharama ikikoma, posho hukoma nayo. Mwenzetu wa kituo cha nje akirudishwa makao makuu mwakani, posho ya mazingira magumu itaondoka. Kama sehemu ya nyongeza yake ingewekwa kwenye posho hiyo, ingeondoka pamoja nayo, na angejikuta amepoteza alichokwisha kukipata kwa jasho lake. Ile 48,000 iliyo kwenye mshahara wa msingi haiondoki kwa uhamisho.

Nyongeza kwenye mshahara wa msingi pia huvuta malipo mengine yanayokokotolewa kutokana nao, ambayo hayaonekani mara moja kwenye hati ya mwezi. Kiwango cha saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi kwa saa 160, na kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango hicho. Kwa mwenye 800,000, saa moja ya ziada ilikuwa 7,500. Kwa 864,000 ni 8,100, kwa hiyo anayefanya saa kumi za ziada kwa mwezi atapata 81,000 badala ya 75,000. Mchango wa pensheni nao ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 5 kutoka kwa mwajiri. Wake umepanda kutoka 40,000 hadi 43,200, na mwajiri ameongeza kiasi kilekile, hivyo akiba yake inakua kwa 6,400 zaidi kila mwezi. Malipo ya likizo isiyotumika na kiinua mgongo nayo hufuata mshahara wa msingi wa wakati mtu anapoondoka kazini.

Hilo linanifikisha kwenye swali la pili mnaloniuliza, yaani kwa nini kinachofika mkononi ni pungufu hata ya hiyo 64,000. Kwanza, ile 3,200 ya ongezeko la mchango wa pensheni hukatwa kabla ya malipo. Pili, kodi ya mapato hutozwa kwa ngazi, na nyongeza huangukia kwenye ngazi ya juu kabisa ambayo mapato ya mtu yamefikia; kwa hiyo sehemu inayokatwa kodi kwenye nyongeza ni kubwa kuliko wastani wa kodi kwenye mapato yake yote. Wenye mikopo inayokatwa kwa kiasi kisichobadilika hawatakatwa zaidi, lakini kama mkataba wa mkopo unataja asilimia ya mshahara, makato hayo nayo yamepanda. Tafadhali usome mkataba wako wa mkopo kabla ya kuiahidi nyongeza hii mahali pengine.

Kuna posho moja ambayo kanuni ya hapo juu haiigusi kwa namna ileile. Posho ya kukaimu nafasi ya juu imewekwa katika taratibu zetu kuwa asilimia 20 ya mshahara wa msingi wa anayekaimu, kwa hiyo hupanda yenyewe mshahara wa msingi unapopanda, bila kuhitaji uamuzi mwingine. Mwezi Julai mfumo wa mishahara uliendelea kuikokotoa kwa mishahara ya zamani. Mwenye mshahara wa msingi wa 800,000 alilipwa posho ya kukaimu ya 160,000 alipostahili 172,800. Wote wanaokaimu watalipwa tofauti hiyo kama malimbikizo pamoja na mshahara wa Agosti, na Mhasibu Mkuu ameshanithibitishia kwamba mfumo umerekebishwa. Hakuna anayehitaji kujaza fomu kwa ajili hiyo.

Kwa wenye mikataba ya muda maalumu inayotaja kiasi kimoja tu bila kuorodhesha posho, kiasi hicho chote ndicho mshahara wa msingi, na asilimia 8 imekokotolewa juu yake chote. Walio katika kipindi cha majaribio wataanza kupata nyongeza siku watakapothibitishwa kazini.

Kuhusu viwango vya posho vyenyewe, nasema ninachoweza kukisimamia. Posho ya usafiri haijabadilishwa kwa miaka mitatu, na wote tunajua kwamba nauli hazikusimama kutungoja. Kuipandisha kwa asilimia 8 ya mkupuo kusingekuwa jibu sahihi, kwa kuwa wanaopanda gari mbili kwenda kazini na wanaotembea kwa miguu wangeongezewa sawasawa. Ninaandaa pendekezo linalotokana na gharama halisi za safari, nami nitaliwasilisha kwa menejimenti wakati bajeti itakapojadiliwa mwezi Novemba. Kwa sababu hiyo nimewaomba wakuu wa idara wakusanye taarifa za nauli mnazolipa sasa hadi tarehe 30 Septemba; tafadhali wapeni takwimu za kweli, hata kama safari yako ni fupi. Sina mamlaka ya kuahidi kwamba pendekezo litapita, na sitaki mtu apange matumizi yake kwa kulitegemea.

Ili kuhakiki hati yako, chukua mshahara wa msingi ulio kwenye hati ya Juni, uzidishe kwa 1.08, kisha ulinganishe na mshahara wa msingi wa hati ya Julai. Tarakimu hizo mbili zinapaswa kulingana. Baada ya hapo angalia kila posho, moja baada ya nyingine, uone kwamba kiwango cha Juni na cha Julai ni kilekile. Ukikuta posho imepungua au imetoweka bila wewe kubadilishiwa kituo au majukumu, hilo ni kosa la ukokotoaji, na tunataka kulijua haraka.

Nitakuwa ofisini pamoja na mhasibu wa mishahara kila Jumanne na Alhamisi za mwezi huu, kuanzia saa 8 hadi saa 10 mchana, kwa ajili ya maswali haya tu. Njoo na hati zote mbili, ya Juni na ya Julai. Walio vituo vya nje watume nakala kupitia kwa wasimamizi wao, nasi tutawapigia simu kuwajibu. Makosa yatakayoripotiwa kabla ya tarehe 15 Agosti yatarekebishwa kwenye mshahara wa Agosti. Yatakayochelewa yatalipwa Septemba pamoja na malimbikizo yake yote.

Wenu katika kazi,

Meneja wa Rasilimali Watu