Barua kwa Fundi Kombo, kwa mkono wa Ami Swaleh

Maskati, 9 Machi 2025

Fundi Kombo,

Assalaam alaykum. Ramadhani karimu, wewe na watu wa nyumbani. Ami Swaleh atakusomea barua hii, kisha mtatia sahihi nakala mbili, moja ibaki kwako. Simu zangu hupokei, na Ami akija Mishomoroni humkuta mlinzi peke yake.

Tuliandikiana tarehe 12 Juni mwaka jana, Ami akiwa shahidi: kuanzia linta kwenda juu, vifaa na ufundi, shilingi 1,900,000, funguo mwisho wa Disemba. Nilituma 500,000 Juni, 600,000 Agosti na 550,000 Novemba, zote kwa M-Pesa, na meseji Ami anazo. Zimebaki 250,000, ambazo mkataba wasema ni za siku ya funguo.

Juzi Ijumaa Ami alizunguka chumba kwa chumba, akanirushia picha. Mabati yameishia nusu ya paa. Upande wa jikoni mbao ziko wazi. Plasta iko sebuleni tu. Nyaya za umeme hakuna. Shimo la choo limechimbwa likaachwa, na watoto wa jirani wanacheza pale pale. Kilichoniuma zaidi ni nondo za baraza, zimesimama bila zege na zishaota kutu. Wewe ni fundi wa pwani, chumvi ya upepo huu waijua kuniliko. Zisuguliwe, na zilizolika zibadilishwe kabla ya kumwaga zege. Na mchanga usiwe wa ufuoni.

Umemwambia Ami kuwa saruji imepanda. Huenda ni kweli, ila bei yetu ilikuwa ya kukata. Na yale mabati uliyonipigia picha Novemba, ukasema yametimia? Kama yamehamia kazi nyingine, yarudi. Sitauliza yalikokwenda.

Naomba Jumamosi tarehe 15 ukutane na Ami hapo hapo kwenye nyumba, mwandike kazi iliyobaki na tarehe zake. Paa lianze, masika hayo yaja. Zile 250,000 sitazituma kwako tena: Ami atanunua vifaa mwenyewe dukani, na ufundi utalipwa kila kazi ikishakaguliwa.

Usipokuja, fundi mwingine ameshapima, anataka 720,000 kumaliza. Toa 250,000 zangu, 470,000 ni juu yako. Nitampa Ami idhini ya maandishi aniwakilishe Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa, inayosikiliza madai yasiyozidi 1,000,000. Sipendi tufike huko, kwa kuwa kuta ulizijenga vizuri, na hilo nalisema kwa haki. Lakini mama bado analipa kodi ya nyumba ya watu.

Wasalaam,
Mwanaidi

Ami, shikamoo. Akikataa kutia sahihi usibishane naye. Mwachie nakala, uandike saa na jina la aliyekuwepo, kisha unipigie baada ya tarawehe.