Binti wa Fundi Saa

Tufani ilipotulia, mnara ulikuwa bado umesimama, lakini saa ya mji ilikuwa imekwama kwenye saa nane na robo usiku. Upepo uling'oa dirisha la nyuma, na mvua ikamwagikia magurudumu ya shaba hadi alfajiri.

Wapo waliosema iteremshwe, iuzwe kwa uzito. Fundi aliyeitunza tangu ujana wake hakubishana nao. Magoti yake hayakuweza tena kupanda, akaketi ngazi ya chini na kumpa Zaituni kisanduku cha vifaa.

"Nenda, mwanangu. Usifungue kitu hujakitazama."

Zaituni alianza kwa kukausha, jino kwa jino, akitafuta gurudumu lililovunjika. Hakuliona. Aliposhika ufito wa pendulamu ndipo akaelewa: utepe wa chuma unaoining'iniza, mwembamba kama karatasi, ulikuwa umekatika. Saa nzima, na mawe yake mazito yanayoiendesha, ilisimamishwa na hicho tu.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na springi ya saa kuukuu ya mezani. Akakata kipande na kukilinganisha na kile kilichokatika, maana unene ukizidi, pendulamu haichezi inavyotakiwa. Chuma kile ni kigumu, hakitoboki hivi hivi. Akazichoma ncha zake mbili mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zipoe polepole, kisha akazitoboa. Katikati hakupagusa, pale ndipo panapopinda.

Akaining'iniza pendulamu, akaisukuma. Tik-tak. Kimya. Tik-tak. Kimya.

"Inachechemea!" baba yake akaita kutoka chini.

"Niongeze mafuta, Baba?"

"Mafuta hayatibu hilo. Sikiliza upande upi unawahi."

Akafumba macho. Kushoto ndiko kulikowahi. Akaupinda kidogo mkono unaoiunganisha pendulamu na nanga, ile inayozuia na kuachia gurudumu. Akasikiliza, akaupinda tena. Nafasi kati ya mlio na mlio zikalingana, na chini baba yake hakuita tena.

Ikabaki kuirudisha kwenye wakati wake. Mishale ya saa ile hairudishwi nyuma, na kila saa lazima igongwe ndipo uendelee, la sivyo kengele itasema lingine na uso wa saa lingine. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Akasogeza mshale mpaka saa tisa, kengele ikalia. Saa kumi, ikalia. Kumi na moja.

Watu wakatoka majumbani. "Imepagawa!" mmoja akapiga kelele.

"Iacheni," fundi akawajibu, akicheka huku machozi yanamtoka. "Inawalipeni deni."

Asubuhi ya pili ilikuwa nyuma kwa dakika moja. Zaituni akapanda tena kabla ya chai, akaizungusha kidogo nati iliyo chini ya pendulamu ili uzani upande, akaandika tarehe ukutani, chini ya tarehe za baba yake.