Barua ya Mapendekezo: Bi. Mariamu Hamisi Bukuru

Idara ya Usindikaji wa Samaki,
Kigoma, Tanzania.
12 Mei 2025

Kwa: Jopo la Uteuzi, Ufadhili wa Masomo nchini Japani

YAH: PENDEKEZO LA BI. MARIAMU HAMISI BUKURU KWA SHAHADA YA KWANZA YA SAYANSI YA CHAKULA CHA MAJINI

Waheshimiwa wajumbe wa jopo,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhadhiri wa usindikaji wa samaki. Nimemfundisha Bi. Mariamu masomo manne na kusimamia mradi wake wa mwisho. Amehitimu stashahada akiwa wa pili kati ya wanafunzi 46.

Barua hii itawafikia kwa Kijapani. Nimemwomba mfasiri ayaache maneno matatu kama yalivyo. Dagaa ni samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wavuliwao usiku kwa mwanga wa taa. Mwalo ni ufuko ambako mitumbwi hushusha samaki na biashara huanzia hapohapo. Chanja ni kitanda cha miti na wavu ambacho dagaa huanikwa juu yake wasiguse mchanga. Kazi yote ya Mariamu imo ndani ya maneno hayo.

Mradi wake ulilinganisha dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja, katika mwalo wa Katonga. Wanaoanika pale wengi ni akina mama, na mvua za masika zikiwakuta dagaa hawajakauka, mtaji wa wiki nzima unaweza kuoza kwa siku mbili. Mariamu alikuwa anafika mwaloni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, anapima ndoo ya dagaa wabichi, kisha anarudi saa tisa alasiri kupima tena.

Asubuhi moja ya Machi 2024 mvua ilimkuta njiani. Alikuja ofisini kwangu nguo zikimchuruzika maji, akafungua daftari juu ya meza. Wino ulikuwa umesambaa, kurasa tatu zimegeuka madoa ya bluu. Hesabu alikuwa bado anazikumbuka kwa kukadiria, na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa karibu. Alichukua karatasi safi, akanakili tarakimu zilizosomeka, na penye madoa akaandika neno moja tu: "haisomeki". Aliliandika mara kumi na moja. Kisha akaomba ruhusa ya kurudia vipimo vya siku hizo. Nimefundisha miaka kumi na tisa, na karatasi ile ningali nayo.

Matokeo yake hayakuwa niliyoyatarajia. Nilidhani chanja ingeshinda kila siku. Mariamu alionyesha kwamba jua likiwa kali uzito wa dagaa wakavu haukutofautiana sana. Faida ya chanja ilikuwa katika usafi, na katika siku za mawingu. Nilimwambia akague upya. Alikagua, akarudi na majibu yaleyale, akayatetea kwa adabu mpaka nikakubali. Alikuwa sahihi.

Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, mwalo ulikuwa kimya na yeye hakuwa na cha kupima. Akautumia muda huo kuwatembelea akina mama nyumbani, kujifunza wanavyohifadhi dagaa na wanavyowatambua walioanza kuharibika. Walimzoea hata wakamwita "Mama Mizani".

Kwa nini Japani? Kwenu wako niboshi, samaki wadogo wa baharini wanaochemshwa kwanza ndipo wakaushwe. Mariamu anataka kujua kama hatua hiyo ya kuchemsha inaweza kuwafaa dagaa wa masika, na kwa gharama ya kuni ambayo mama wa Katonga ataimudu. Swali hilo la kuni ni lake mwenyewe. Sisi watu wa Kigoma si wageni kwa watafiti wenu: tangu 1965 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakichunguza sokwe wa Mahale, kusini mwa hapa, na tumeona faida ya mtu kukaa na jambo moja kwa muda mrefu. Mariamu ana subira ya namna hiyo.

Sitaficha upungufu wake. Ni mzito wa kuongea mbele ya watu asiowajua, na kemia ya maabara ameisoma kwa vifaa vichache, hivyo mwaka wa kwanza atahitaji kusaidiwa. Kijapani ameanza kujifunza Oktoba iliyopita. Anasoma hiragana na katakana, kanji bado chache. Mkimsaili, mpeni muda afikiri kabla ya kujibu.

Nampendekeza kwa moyo wangu wote, bila kusitasita. Niko tayari kujibu swali lolote kuhusu kazi yake, na daftari lile lenye madoa naweza kulituma mkilihitaji.

Wenu mwaminifu,

Rashidi J. Ntibagira
Mhadhiri, Usindikaji wa Samaki